Je, kuifunga mdomo modeli ya lugha ni sawa na kuizuia isikariri?

Zuhura (mwanzilishi wa mada): Watafiti wameonyesha mara kadhaa kwamba modeli za lugha huweza kutema maandishi ya mafunzo neno kwa neno, yakiwemo majina na nambari za simu za watu. Wasanidi hujibu kwamba wameweka vichujio. Je, kichujio kinatosha, au sheria iwadai wathibitishe kwamba modeli haikukariri tangu mwanzo?

Kombo: Kwa maoni yangu kichujio kinatosha, kwa sababu hofu yenyewe imekuzwa. Modeli si ghala la maandishi. Chukueni modeli ya lugha ya GPT-2, ambayo ina vigezo bilioni 1.5, yaani namba za ndani zinazoamua itakachoandika. Kila kigezo kikichukua baiti nne, modeli nzima ni gigabaiti sita, ilhali maandishi iliyofunzwa nayo yalikuwa kama gigabaiti 40. Chombo cha lita sita hakiwezi kubeba maji ya lita 40. Kinachobaki ndani ni mazoea ya lugha, na pale modeli inapotoa sentensi kamili ni kwa sababu sentensi hiyo ni maarufu mno na kila mtu anaijua.

Rehema: Ndugu Kombo, hesabu yako ni sahihi na inaonyesha kwamba modeli haiwezi kubeba kila kitu. Haionyeshi ni kipi ilichobeba, na hapo ndipo penye tatizo. GPT-2 hiyohiyo ilichunguzwa na watafiti waliochapisha kazi yao mwishoni mwa 2020. Waliiacha iandike vipande 600,000, wakateua 1,800 vilivyotiliwa shaka, na kati ya hivyo wakathibitisha kwamba 604 vilikuwa maandishi ya mafunzo kama yalivyo. Baadhi vilikuwa na majina, anwani na nambari za simu za watu wa kawaida kabisa.

Namna walivyoteua inastahili kuelezwa, kwa kuwa inajibu hoja yako ya umaarufu. Katika njia yao mojawapo, kila kipande kilipimwa mara mbili. Kwanza waliangalia ni kwa kiasi gani modeli inashangazwa nacho, yaani kama kila neno linalofuata lilikuwa jambo lililotarajiwa. Kisha walikibana kwa zlib, programu ya kubana mafaili ambayo haijui lugha yoyote bali hutambua marudio tu. Kipande chenye neno moja lililorudiwa mara mia hakiishangazi modeli, na zlib nayo hukibana kikawa kidogo sana, kwa hiyo hakina habari. Kinachotia shaka ni kile ambacho zlib inashindwa kukibana, kwa mfano mfuatano wa herufi na tarakimu usio na mpangilio, na bado modeli inakiandika bila kusita hata kidogo. Kitu cha namna hiyo hakitabiriki kwa mazoea ya lugha, na modeli haina pa kukipata isipokuwa kwenye kumbukumbu. Baadhi ya vipande walivyovinasa vilikuwa vimetokea katika waraka mmoja tu wa mafunzo, ingawa ndani ya waraka huo vilijirudia.

Kuhusu vichujio, tazama kilichotokea mwaka 2023. Roboti ya mazungumzo ya ChatGPT ilikuwa imepewa mafunzo ya ziada ya kujibu kama msaidizi, na ukiichunguza kwa njia za kawaida ungeona karibu haikariri chochote. Kundi la watafiti likaiagiza irudie neno "poem" bila kikomo. Ilirudia mara nyingi, kisha ikaacha njia, na sehemu ya kilichofuata ilikuwa maandishi ya mafunzo. Kwa kuwa hawakuwa na data ya mafunzo yenyewe, walikusanya terabaiti tisa za maandishi ya mtandaoni na kulinganisha, wakikubali tu mfuatano unaofanana bila kosa wa tokeni 50 au zaidi, yaani maneno au sehemu za maneno. Kwa matumizi ya dola 200 hivi za Marekani walipata vipande zaidi ya 10,000 visivyojirudia. Waliiarifu OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, tarehe 30 Agosti, wakasubiri siku 90, ndipo wakachapisha. Kilichonisumbua mimi ni kwamba adabu ile iliyoongezwa juu haikuwa imeondoa kitu chochote chini yake.

Neema: Naomba nieleze yaliyonikuta. Niliuliza roboti moja kuhusu jina langu kamili, ikanipa mahali ninapofanya kazi na nambari ya simu ya ofisini. Sikuwahi kumruhusu mtu yeyote kuitumia taarifa hiyo. Niliiandikia kampuni husika nikiwataka waniondoe katika kumbukumbu ya modeli, na hadi leo nimepewa majibu ya kunizungusha. Sasa nasoma hapa watu wakijadili gigabaiti.

Rehema: Pole, dada Neema, na hasira yako ina haki yake. Ila naomba nikuulize jambo moja: je, jibu lile lilikuja na viungo vya kurasa za mtandao chini yake? Roboti nyingi siku hizi hutafuta mtandaoni kabla ya kujibu. Ikiwa ndivyo, nambari yako haikutoka kwenye kumbukumbu, bali ilisomwa kwenye ukurasa wa mwajiri wako dakika ileile. Hapo dawa ni kuufuta ukurasa huo au kuzuia usisomwe, na hata wakiifunza modeli upya kutoka mwanzo hutapata nafuu yoyote.

Neema: Viungo vilikuwepo, sikuvitilia maanani. Nimezima utafutaji sasa hivi na kuuliza tena. Imetaja mahali pa kazi sawasawa, lakini nambari ya simu iliyotoa inaanza na tarakimu zangu nne za mwanzo na zilizobaki si zangu. Hiyo tuiiteje?

Rehema: Kwa jaribio hilo peke yake siwezi kusema kwa uhakika. Tarakimu za mwanzo huwa zinashirikiwa na watu wengi wa eneo au mtandao mmoja, kwa hiyo modeli inaweza kuzikisia. Kipimo cha haki ni kuilinganisha nambari yako na nambari nyingine za kubuni zenye mwanzo uleule, kuona kama modeli inaipendelea yako. Kazi hiyo inahitaji kuona uwezekano ambao modeli inaupa kila tarakimu, na wengi wanaotoa huduma hizi hawauonyeshi.

Kombo: Nakubali kwamba kichujio peke yake hakitoshi. Lakini basi ufumbuzi ni rahisi: ondoeni marudio katika data. Modeli hukariri kilichorudiwa, na kisichorudiwa hakikaririwi.

Rehema: Sehemu ya kwanza ya sentensi yako ni kweli kabisa. Katika C4, mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya mtandaoni, kulipatikana sentensi moja ya maneno 61 iliyojirudia zaidi ya mara 60,000. Modeli zilizofunzwa baada ya marudio kuondolewa zilitema maandishi ya mafunzo mara kumi pungufu. Ni hatua nzuri na haina gharama kubwa, na msanidi anayeiacha hana udhuru.

Sehemu ya pili ndiyo siikubali. Niliwahi kushiriki kuinoa modeli ndogo, yaani kuiongezea mafunzo, kwa barua za wateja wa shirika moja, na data hiyo haikuwa na marudio. Tatizo ni kwamba data ikiwa chache, modeli hupitishwa juu yake mara kadhaa, kwa hiyo kila barua inarudiwa na mafunzo yenyewe. Tulipandikiza vinasa, yaani sentensi za kubuni tulizozitunga wenyewe, zenye umbo la "nambari ya akaunti yangu ni" kisha tarakimu sita za kubahatisha. Nyingine tuliziingiza mara moja, nyingine mara nyingi. Mafunzo yalipokwisha, tuliitaka modeli ipime nambari zote milioni moja zinazowezekana mahali pale na kuzipanga kuanzia inayoipendelea zaidi. Nambari ambayo haikukaririwa inapaswa kupotea popote katikati ya milioni. Zilizoingizwa mara nyingi zilishika nafasi ya kwanza. Zilizoingizwa mara moja hazikufika huko, lakini baadhi yake zilisogea mbele mno kuliko bahati inavyoruhusu. Hakuna mtu angeyaona hayo kwa kupiga soga na modeli.

Bakari: Mimi ni mwanasheria na sina ujuzi wa hesabu hizi, ila nina la kuongeza kuhusu sheria. Novemba 2025, ndani ya wiki moja, mahakama mbili zilitazama swali linalokaribiana la hakimiliki na kwenda njia tofauti. Tarehe 4, Mahakama Kuu ya London katika kesi ya kampuni ya picha ya Getty Images dhidi ya msanidi Stability AI ilisema kwamba modeli ya picha isiyohifadhi kazi zenyewe si nakala haramu. Tarehe 11, mahakama ya Munich katika kesi ya GEMA, chama cha hakimiliki za muziki cha Ujerumani, dhidi ya OpenAI ilisema kwamba mashairi ya nyimbo yaliyokaririwa ndani ya vigezo ni nakala, kwa kuwa yaliweza kutolewa tena kwa maagizo mepesi. Sheria zilizotumika ni tofauti na aina ya modeli ni tofauti, kwa hiyo tusizipambanishe kijuujuu. Lakini kwa hoja ya Munich, kichujio hakimwokoi msanidi: kosa limeshatendeka ndani, mdomo ufungwe au uachwe wazi.

Swali langu kwa Bi Rehema ni hili. Je, upo ufundi unaotoa dhamana, ili sheria ikidai isidai lisilowezekana?

Rehema: Upo, unaitwa faragha tofautishi. Wakati wa mafunzo, mchango wa kila kipande katika kubadilisha vigezo hukatwa usizidi kikomo fulani, kisha huchanganywa na kelele, yaani namba za kubahatisha, hata iwe vigumu sana kutambua kama kipande fulani kilikuwemo au la. Mwaka 2025 Google ilitoa VaultGemma, modeli ya vigezo bilioni moja iliyofunzwa hivyo tangu mwanzo, na majaribio ya kuifanya iteme maandishi ya mafunzo hayakuonyesha ukariri. Gharama yake waliitaja wenyewe: uwezo wake ulikaribia wa modeli za kawaida za miaka mitano nyuma. Tena dhamana hiyo ni ya kipande kimoja cha tokeni 1,024. Habari ya mtu iliyotawanyika katika vipande mia haijalindwa kwa kiwango kile.

Kwa hiyo sitetei sheria idai faragha tofautishi kwa kila modeli. Ningedai kipimo cha vinasa kifanywe na matokeo yake yatolewe, hasa kwa wanaonoa modeli kwa barua, mafaili ya wagonjwa na mazungumzo ya wateja. Na hata kichujio kitumike kwa tahadhari, kwa sababu kinachozuia mfanano kamili hupitwa na anayeomba maandishi yaleyale kwa herufi kubwa. Pia kinapokata jibu ghafla kinamthibitishia mshambuliaji kwamba alichokisia kimo ndani.

Kombo: Hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria. Lakini kipimo cha vinasa hufanywa na msanidi mwenyewe, kwa sentensi alizozichagua mwenyewe. Akipandikiza zilizo rahisi kusahaulika, atatoa ripoti safi.

Bakari: Ndipo inapohitajika mamlaka ya nje kuvipandikiza kabla ya mafunzo, kama mkaguzi anavyoweka alama zake. Sijui ni msanidi gani atakayekubali mtu wa nje aguse data yake.

Rehema: Mimi ningekubali kwa modeli ya kunolewa, ambayo hufunzwa kwa siku chache na kurudiwa ikibidi. Kwa modeli kubwa inayofunzwa mara moja kwa miezi, kinasa ambacho hakikupandikizwa mapema hakiwezi kuongezwa mafunzo yakishakwisha, na hapo sina jibu zuri.

Neema: Nimemwomba mwajiri aondoe nambari yangu kwenye ukurasa wao, nao wamekubali. Zile tarakimu nne nitaendelea kuziulizia kila modeli mpya inapotoka.