VPN ya kulipia: nchi iliposajiliwa ina uzito gani?

Mwanaidi: Nataka kulipia VPN ya mwaka mzima. Inajitangaza haihifadhi kumbukumbu za watumiaji, imekaguliwa, na iko nje ya zile nchi 14 zinazopeana taarifa za kijasusi. Nitajuaje kama ni kweli?

Kassim: Angalia nchi kwanza. Ikiwa nje ya hizo 14, hakuna wa kuwalazimisha kutoa kitu.

Bi Rehema: Kassim mwanangu, hapo umeshika nusu. PureVPN mwaka 2017 ilikuwa Hong Kong, nje ya hizo 14. FBI walimsaka mtu wa Massachusetts aliyekuwa akimwandama mwanamke mtandaoni, na kumbukumbu za kampuni zikaonyesha mteja huyohuyo ameunganishwa kutoka IP mbili, yaani namba zinazotambulisha intaneti unayotumia: ya nyumbani na ya kazini kwake. Alistahili kukamatwa, sibishi. Ila wateja walikuwa wameambiwa hakuna kumbukumbu! Sera ileile, ukishuka chini, ilikiri kwamba seva zinaandika saa unayounganishwa na kiasi cha data. Kuahidi kutoandika unachofanya si kuahidi kutoandika umetokea wapi na saa ngapi, na hayo mawili yanatosha kukufikia.

VPN nyingine, Mullvad, iko Uswidi, ndani ya hizo 14. Tarehe 18 Aprili 2023 polisi wasiopungua sita waliingia ofisini kwao Gothenburg na hati ya upekuzi, wakitaka kompyuta zenye data za wateja. Waliondoka mikono mitupu. Akaunti ya pale ni namba ya tarakimu 16. Hata barua pepe hawakuulizi.

Juma Fundi: Mimi nikiwasha VPN ya bure, mtandao wa X unafunguka, ila bando linaisha haraka. Ya kulipia inakula kidogo?

Kassim: Juma, hilo ni jingine kabisa. Bi Rehema, nakubali, lakini nchi haifutiki. India mwaka 2022 iliagiza kampuni za VPN zitunze taarifa za wateja miaka 5, na kadhaa zikang'oa seva zao kule. Sheria ikibadilika Uswidi je?

Bi Rehema: Hapo sina jibu.

Mwanaidi: Na nembo ya mkaguzi kwenye tovuti yao?

Bi Rehema: Ibonyeze. Isipokupeleka kwenye ripoti, ihesabu kama picha tu. Ikikupeleka, tazama tarehe na kilichokaguliwa. Wengine hukaguliwa programu ya simu pekee, wakati kumbukumbu zinaandikwa kwenye seva. Hata seva zikikaguliwa, mkaguzi anasimulia siku alizokuwepo. Mipangilio inaweza kubadilishwa wiki inayofuata.

Mwanaidi: Nimebonyeza. Ripoti ipo, ya miaka mitatu iliyopita, na ni ya programu ya simu. Kwenye sera, aya ya tisa: "saa ya mwisho kuunganishwa na jumla ya data". IP hawajaitaja kabisa.

Kassim: Kutoitaja si kusema hawaiandiki. Waandikie, uwaulize hiyo saa wanaifuta baada ya muda gani.

Mwanaidi: Nimeshawaandikia. Wamenijibu kwa kiungo cha sera ileile.