Kiwanda kinataka chupa 10,000, mimi uwezo wangu 3,000: pendekezo niliandikeje?

Naima_L: Wakuu, habari zenu. Nataka kiwanda kinitengenezee losheni ya mililita 200 kwa chapa yangu. Fomula ni yao, mimi nabadilisha harufu tu. Kwa simu wameniambia oda ya chini ni chupa 10,000. Nataka pia wasimuuzie mwingine losheni hiyo. Meneja mauzo anasubiri pendekezo la maandishi. Niweke nini humo, na lebo anaidhinisha nani?

SimbaWaSoko: Dada, haki ya pekee ya fomula iweke ukurasa wa kwanza, bila hiyo usisaini. Hiyo 10,000 ni ya kukutisha. Taja 2,000, watashuka wenyewe.

MzeeWaMtambo: Simba, kutaja namba ya chini bila sababu humfanya meneja aone hujui kazi. Naima, waulize kwanza hiyo 10,000 inatoka wapi, maana mara nyingi kuna viwango viwili. Kimoja ni cha kuchanganya. Pipa la kilo 500 halichanganyi vizuri likiwa na losheni kidogo, mapanga yake ya kukorogea hayaifikii. Kingine ni cha vifungashio, na hapo ndipo namba hupanda, kwa sababu mchapaji wa chupa hawashi mashine kwa chupa chache.

Naima_L: Nimewapigia. Kuchanganya ni kilo 300 kwenda juu. Hiyo 10,000 ni ya chupa zilizochapishwa jina moja kwa moja.

MzeeWaMtambo: Basi umeshapata njia. Kilo 300 ni kama chupa 1,500, toa kidogo inayobaki kwenye pipa na mabomba. Chupa zako 3,000 ni michanganyo miwili ya kilo 300 na ushee. Pendekeza chupa nyeupe wanayonunua tayari kwa wateja wengine, wewe ulete lebo ya kubandika. Bei ya chupa moja itapanda kidogo, lakini hutafungia mtaji kwenye chupa 7,000 tupu. Andika pia makadirio ya oda ya pili na ya tatu. Hayo meneja atayasoma kuliko sifa za chapa yako.

Baraka_Sabuni: Mimi nilikuwa wakala wa kiwanda cha sabuni, nikaomba eneo langu peke yangu wakanipa. Omba eneo, dada.

Naima_L: Asante kaka, ila mimi si wakala. Jina la bidhaa ni langu.

MzeeWaMtambo: Kuhusu upekee, fomula ya msingi wanaiuza kwa wengine. Ukiitaka peke yako kwa chupa 3,000, unawaambia wawafukuze wateja wao. Omba kinachoweza kuwa chako: jina, michoro, na ile harufu mtakayoichagua pamoja. Harufu ifunge na kiasi, mfano isitumike kwa mteja mwingine maadamu unaagiza chupa 12,000 ndani ya miezi 12. Ukipungukiwa, upekee wa harufu unakwisha, jina na michoro vinabaki vyako. Chupa zilizoharibika zenye lebo yako ziteketezwe, zisiuzwe pembeni.

SimbaWaSoko: Hapo kwenye kiasi sikupawaza. Ila bado nasema apate na maandishi kwamba fomula yake haitabadilishwa kimyakimya.

MzeeWaMtambo: Hilo nakubali. Wamtaarifu kabla ya kubadilisha kiungo chochote.

Bi_Lebo: Nachapa lebo, naomba niongeze. Waombe kiolezo chenye vipimo vya chupa yenyewe, usipime kwa rula. Orodha ya viungo waandike wao, jina na rangi ni zako, na toleo la mwisho lenye namba yake msaini pande zote mbili. Kosa likionekana baada ya saini yako, gharama ni yako. Rangi usiidhinishe kwenye skrini ya simu. Dai kipande kilichochapwa kwenye karatasi ileile ya lebo. Msimbopau usiupake rangi nyekundu hata kama inapendeza, kwani skana nyingi hutumia mwanga mwekundu na mistari hiyo hazitaiona. Acha na nafasi isiyo na vanishi kwa namba ya mchanganyo wa losheni na tarehe ya mwisho wa matumizi, la sivyo wino unafutika kwa kidole.

Naima_L: Nichape lebo sasa wakati harufu inajaribiwa, niokoe muda?

Bi_Lebo: Hapana! Harufu ikibadilika, orodha ya viungo nayo inabadilika.

MzeeWaMtambo: Na harufu nyingine huifanya losheni iwe nyepesi au ijitenge. Subiri chupa za majaribio zikae kwenye joto la nyuzi 40 kwa wiki kadhaa, ndipo uidhinishe lebo.

Naima_L: Sawa. Wakibadilisha kiungo baadaye na lebo zangu 2,000 ziko stoo, nani analipa?

SimbaWaSoko: Wao, bila mjadala.

Bi_Lebo: Inategemea. Wateja wangu wengi wamelipa wenyewe kwa sababu mkataba ulinyamaza.

MzeeWaMtambo: Mimi ningeomba tugawane nusu kwa nusu. Kiwanda kikubwa kinaweza kukataa hata hiyo.