Karatasi ya zoezi yenye shairi: maswali ya jumla, ya mshororo, au ya kutetea dai?

Mwalimu_Kilifi
Walimu wenzangu, hamjambo. Ninaandaa karatasi ya zoezi kwa Kidato cha Tatu. Shairi limechapishwa papo hapo juu ya ukurasa, kwa hiyo mwanafunzi hana haja ya kulikumbuka. Nimelitunga mwenyewe ili wasilikute kwenye vitabu vya marudio:

1. Mashua mbao zachoka, umelala mchangani,
2. Rangi yako yabanduka, kwa chumvi ya baharini,
3. Kwaru! kwaru! yasikika, kaa wakwangua ndani,
4. Nani leo atashika, usukani wa zamani?

5. Miaka uliyavuka, mawimbi ya kilindini,
6. Tanga jeupe lawaka, kama mwezi wa angani,
7. Na samaki tukapika, wakanukia jikoni,
8. Nani leo atashika, usukani wa zamani?

9. Sote tukatawanyika, kazi tukenda mjini,
10. Mgongo ukapindika, mvi zikaja kichwani,
11. Nawe hukulalamika, wangojea ufukweni,
12. Nani leo atashika, usukani wa zamani?

Nina njia tatu za kuuliza kuhusu taswira, toni na dhamira, na sijui nichague ipi.

Ya kwanza ni ya jumla, kama wanavyoizoea katika mtihani: "Eleza taswira mbili katika shairi hili (alama 4). Tambua toni ya shairi (alama 2). Eleza dhamira ya mshairi (alama 2)."

Ya pili inamshika mwanafunzi kwenye mshororo: "Katika mshororo wa 3, unasikia nini? Sauti hiyo inakuambia nini kuhusu hali ya mashua?"

Ya tatu inampa dai alijibu: "Mwanafunzi mmoja anasema toni ya shairi hili ni ya majuto. Je, unakubaliana naye? Tumia mishororo miwili kuthibitisha."

Mngetumia ipi, na kwa nini?

Chaki_Nyeupe
Mwalimu, tumia ya kwanza, usijisumbue. Karatasi ya fasihi ya KCSE, 102/3, inauliza hivyo hivyo, na swali la ushairi lina alama 20. Ukiwazoesha maswali ya kushikwa mkono, siku ya mtihani hakuna wa kuwashika.

Taswira nayo si ngumu. Ni tashbihi, sitiari, tashihisi na nyinginezo. Wafundishe kuzitambua na alama zitakuja. Toni ni moja kwa shairi zima, na hapa ni huzuni.

Mtahini_wa_Zamani
Chaki, kuhusu mtihani uko sahihi: lazima wakutane na swali la jumla kabla ya kumaliza shule. Hayo mengine sikubaliani nayo.

Tazama mshororo wa 3. Hauna tashbihi wala sitiari, una tanakali ya sauti tu, lakini ndio wenye taswira kali kuliko yote katika ubeti wa kwanza. Tunasikia kucha za kaa zikikwangua mbao, na hapo hapo tunajua kwamba hakuna mtu ndani ya chombo. Mshororo wa 7 nao hauna tamathali yoyote. Ni samaki anayenukia jikoni, taswira ya harufu. Mwanafunzi uliyemfundisha kuwinda tamathali ataruka yote miwili na kukimbilia "kama mwezi wa angani" kwa sababu ameona neno "kama".

Sasa tatizo la shairi lililochapishwa. Shairi likiwa mbele yake, swali la "eleza taswira mbili" linajibiwa kwa kunakili. Mwanafunzi ataandika: "Taswira ya mwono: Tanga jeupe lawaka. Taswira ya sauti: Kwaru! kwaru! yasikika." Amepata jina la taswira na amepata mshororo, na ukifuata mwongozo wa kutaja na kuthibitisha utampa zote nne. Hujajua bado kama ameelewa lolote. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo miaka mingi, nami nakuambia hayatofautishi anayesoma na anayenakili.

Kwa hiyo alama ihamishwe. Kunukuu kusiwe na alama hata moja, maana nukuu iko mezani kwake. Alama iende kwenye kile ambacho hakikuchapishwa: taswira ile inamfanya msomaji ahisi nini, na kwa nini mshairi aliiweka pale.

Mama_Zawadi
Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Binti yangu alipewa zoezi la shairi, akaandika toni ni ya matumaini, mwalimu akamkosoa kwa kalamu nyekundu bila kuandika neno. Alikuja analia. Je, hili la Mwalimu wa Kilifi si la matumaini pia? Mashua "wangojea". Anayengojea hajakata tamaa. Naona ni sawa na lile la binti yangu.

Mtahini_wa_Zamani
Mama, pole kwa binti. Shairi lake silijui, kwa hiyo siwezi kusema kama alikosea. Lakini kwa hili hoja yako ina uzito, na inaonyesha kwa nini si sawa kusema toni ni moja.

Tembea nalo ubeti kwa ubeti. Wa kwanza una majonzi: mbao zimechoka, rangi inabanduka. Wa pili unageuka kabisa. Tanga linang'aa, chakula kinanukia, na msemaji anakumbuka kwa fahari na hamu. Wa tatu unageuka tena, na kinachougeuza ni kiambishi kidogo: "tukatawanyika", "tukenda". Msemaji amejiingiza mwenyewe katika kosa. Kisha anasema "nawe hukulalamika". Hayo ni majuto, na majuto ni zaidi ya huzuni, kwa sababu mwenye huzuni anaweza kuwa hana lawama.

Mwanafunzi aliyeandika "huzuni" hajakosea, ila amesoma theluthi moja. Swali likitaka toni ya shairi zima kwa neno moja, linamfundisha kusoma theluthi moja.

Mwalimu_wa_Tanga
Habari zenu kutoka upande wa pili wa mpaka. Niseme moja tu. Swali la "eleza dhamira ya mshairi" huku kwetu mwanafunzi angelielewa kwamba ataje mambo yanayozungumziwa, pengine dhamira kuu na nyingine ndogondogo. Ninyi nadhani mnataka lengo la mshairi. Karatasi hizi zinasambazwa kwa simu na kuvuka Horohoro na Lungalunga kila siku. Mimi ningeandika tu: "Mshairi anataka tufikirie nini kuhusu wazazi na watoto wao?" Hapo kila mtu anaelewa.

Mtahini_wa_Zamani
Rahisi kueleweka, ndiyo, ila umetoa jibu ndani ya swali. Rudi kwenye shairi: hakuna neno "mzazi" popote. Ni mashua mwanzo hadi mwisho, mpaka mshororo wa 10 unapompa mgongo uliopinda na mvi kichwani. Kazi yote ya mwanafunzi ni kugundua hapo kwamba mashua ni jazanda. Ukimwandikia "wazazi na watoto" katika swali, umemfanyia kazi hiyo, na kwa kuwa ataona maswali yote kwa pamoja kwenye karatasi, jibu la swali la mwisho linavuja hadi la kwanza.

Andika hivi: "Soma mshororo wa 10. Ni maneno gani hayaifai mashua ya kawaida? Kwa hiyo unafikiri msemaji anazungumza na nani? Eleza anachotaka tufikirie." Hakuna neno linalobishaniwa kati ya Kenya na Tanzania, na hujamwambia chochote.

Mwalimu_Kilifi
Ahsanteni. Basi njia ya pili kwa taswira na kwa dhamira. Na ile ya tatu, ya kutetea dai, je?

Mtahini_wa_Zamani
Inafaa kwa toni. Toni ndiyo inayokaririwa zaidi. Wanafunzi wana orodha vichwani, huzuni, uchungu, kejeli, matumaini, nao wanabahatisha moja. Ukimpa neno "majuto" mwenyewe, kubahatisha kumekwisha, kilichobaki ni ushahidi. Ila usiweke dai ambalo ni kweli tupu, maana wote wataandika "nakubali". Weka lenye ukweli nusu: "Mwanafunzi mmoja anasema toni ya shairi hili ni ya huzuni tangu mwanzo hadi mwisho." Anayesoma vizuri atakubali ubeti wa 1 na kuupinga wa 2.

Chaki_Nyeupe
Mzee, nakusikia kuhusu mshororo wa 3, hapo nimeelewa. Lakini nina darasa la wanafunzi hamsini na ushei na kipindi ni dakika 40. Maswali ya "kwa nini" yanazaa aya ndefu, na kila moja lazima niisome. Lile la kutaja nalisahihisha nikitembea kati ya madawati.

Mtahini_wa_Zamani
Punguza idadi, usipunguze kina. Swali moja la taswira, moja la toni, moja la dhamira, na mistari mitatu ya nukta chini ya kila moja. Nafasi uliyochora ndiyo inayomwambia aandike kiasi gani. Pia weka shairi na maswali upande mmoja wa karatasi, na nambari za mishororo pembeni. Wanaolazimika kugeuza ukurasa huacha kurudi kwenye shairi wakajibu kwa kumbukumbu, na faida ya kulichapisha imepotea.

Mama_Zawadi
Hamjanijibu kuhusu matumaini. Mtoto akiandika "matumaini" akataja mshororo wa 11, atapata au hatapata?

Mtahini_wa_Zamani
Kwangu atapata, akieleza kwamba kungoja ni dalili ya imani kuwa wana watarudi.

Mwalimu_wa_Tanga
Kwangu hapana. Anayengoja ni mashua, na toni ni ya msemaji. Msemaji anauliza "nani atashika" mara tatu na hakuna anayemjibu. Mtoto amechanganya hali ya anayesemeshwa na sauti ya anayesema.

Mtahini_wa_Zamani
Hoja nzuri hiyo, mwalimu. Lakini ni msemaji aliyechagua neno "wangojea". Angeweza kusema "umesahauliwa".

Mwalimu_Kilifi
Mama Zawadi, kwa zoezi la darasani nitawaachia wabishane hilo hilo, na yeyote atakayetaja mshororo na kueleza nitampa alama. Kwa mtihani wa muhula, ambapo tunasahihisha walimu watatu, itabidi kwanza tukubaliane wenyewe. Toleo nitakalopiga fotokopi ni hili:

1. Katika mshororo wa 3, unasikia nini, na sauti hiyo inakufanya uhisi nini kuhusu mashua? (alama 3)
2. Mwanafunzi mmoja anasema toni ya shairi hili ni ya huzuni tangu mwanzo hadi mwisho. Je, ni kweli? Tumia beti mbili tofauti. (alama 4)
3. Ni maneno gani katika mshororo wa 10 hayaifai mashua ya kawaida? Eleza msemaji anazungumza na nani na anataka tufikirie nini. (alama 4)

Chaki_Nyeupe
Katika la 3, "mvi" na "mgongo" ataviona hata asiyesoma. Hizo ni alama ngapi kati ya nne?

Mwalimu_Kilifi
Hakuna. Zote nne ziko kwenye sentensi ya pili.