Shairi la kuachwa: nitoeje "kidonda" na "machozi" bila uchungu kupotea?

Mshororo_Kiborloni:
Wakuu habari za Moshi. Naomba ushauri wa utunzi. Nina beti saba za kughani, mizani 8 kwa 8, vina "ma" na "na". Msemaji ni mke ambaye mumewe alipanda basi la alfajiri kwenda Dar na hakurudi. Ubeti wa kwanza huu hapa:

Moyo wangu waniuma, kidonda hakijapona,
Umeondoka mapema, machozi yafuatana,
Bila wewe mi nazama, usiku hata mchana,
Rudi kwangu ewe mwema, nisije kufa kijana.

Wanaonisikiliza wanasema vina vimekaa ila maneno wameyasikia kila mahali. Nilijaribu kuweka "theluji ya moyo imeyeyuka", wakasifia mlima, ila huyo mke hakuna aliyemhurumia. Nifanyeje?

Baba_Wawili_Sakina:
Pole sana ndugu yangu. Kuachwa kunauma, lakini usijifungie ndani. Tafuta wazee wa pande zote mbili mkae mzungumze, huenda huyo mume akarudi.

Mshororo_Kiborloni:
Ahsante baba, ila anayelia ni msemaji wa shairi. Mimi nashughulikia maneno yake tu.

Mwana_wa_Kibo:
Tatizo lako hujaweka vitu vya kwetu. Sisi wa Moshi tuna picha zetu. Andika "umejificha kama Kibo ndani ya wingu". Au lete jani la sale, kila Mchaga ataelewa. Ukiweka vya nyumbani shairi linakuwa jipya lenyewe.

Bi_Ghani:
Mwana wa Kibo, kuchukua vitu vya nyumbani ni sawa. Lakini kila picha huja na maana yake, na maana hiyo haimwulizi mtunzi. Kibo asubuhi kinaonekana, jua likipanda wingu linakifunika, kesho alfajiri kipo tena. Kwa msikilizaji wa Moshi, picha hiyo inasema mtu yupo palepale ila haonekani. Mume wa shairi hili yuko Dar na hana dalili ya kurudi. Sale nalo tangu zamani ni jani la kuomba msamaha na kupatana. Ukimpa huyu mke jani la sale, watu watauliza amemkosea nini mumewe. Ungekuwa umebadilisha kisa bila kukusudia.

Mshororo, usianze kutafuta picha. Anza kwa kuuliza kila msemo uliochakaa unafanya kazi gani pale ulipo. "Kidonda hakijapona" kinasema naumia, lakini naumia ni neno pana. Anayeona aibu huumia, aliyekasirika huumia, aliyefiwa naye huumia. Soma ubeti wote kisha uniambie kwa sentensi moja, bila neno "moyo" wala "maumivu", huyu mke anafanya nini sasa hivi.

Mshororo_Kiborloni:
Anasubiri. Anajua hatarudi, lakini anasubiri.

Bi_Ghani:
Basi hisia yako ni kusubiri, na ndiyo maana theluji ilishindwa. Kuyeyuka ni kuisha, na hamu ya huyu mke haijaisha.

Sasa orodhesha vitendo ambavyo mtu anayesubiri huvifanya nyumbani bila kujua: anavyolala, anavyopika, anavyosikia sauti za barabarani. Andika vitendo vyenyewe bila neno la hisia hata moja. Hata kumi vikitaka kuingia, utachagua viwili au vitatu. Kisha angalia vina. Kwenye mshororo wa kwanza unahitaji kitendo cha kuishia na ma. Kulala bila kufunga mlango kunakupa hiki:

Komeo sijasukuma, tangu tulipoagana,

Hesabu: ko-me-o-si-ja-su-ku-ma, nane. Ta-ngu-tu-li-po-a-ga-na, nane. Hakuna kidonda wala moyo, lakini msikilizaji anajua usiku wake ukoje, na anaogopa kwa niaba yake pia, kwa sababu mwanamke aliye peke yake hulala amefunga.

Kwaya_Njiro:
Mimi natunga nyimbo za gitaa, sihesabu mizani. Nikibadili "umenivunja moyo" kwa maneno mengine, wimbo unaniyumba. Nifanye nini?

Bi_Ghani:
Kwako angalia mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: mó-yo, ko-mé-o. Maneno mapya yaishe na mkazo kwenye pigo lilelile la gitaa ambapo "mo" ya moyo ilikuwa. Silabi za mbele zikizidi moja unaweza kuzibana kwa sauti, ila mkazo wa mwisho ukihama kila mtu atasikia umejikwaa.

Mshororo_Kiborloni:
Nimekaa nayo. Mshororo wa pili nimeona "umeondoka mapema" ni habari tu, mlango nao umeshasema kuwa ameondoka, kwa hiyo nimeitoa pamoja na machozi. Mnaonaje:

Komeo sijasukuma, tangu tulipoagana,
Unga bado naupima, wa wawili kushibana,
Kwa kila honi nahema, usiku hata mchana,
Rudi kwangu ewe mwema, nisije kufa kijana.

Bi_Ghani:
Unga umekaa vizuri sana, kwa sababu kosa la kipimo linarudi kila jioni. Honi inatosha, inamrudisha msikilizaji kwenye lile basi bila kulitaja. "Usiku hata mchana" ni maneno ya kawaida na uyaache. Mshororo ukijaa picha pande zote mbili, sikio halipati pa kupumzika. Hata "ewe mwema" ni msemo wa zamani, lakini hapa unafanya kazi, maana baada ya vitendo vitatu ombi lake lina sababu.

Jaribu hivi kabla ya kughani hadharani. Msomee mtu asiyejua kisa, usimwulize kama ni zuri. Mwulize: huyu anataka nini? Akijibu "anamsubiri mtu", umefika. Akijibu "anaumwa", hisia imebaki pana kama mwanzo. Akianza kusifia unga, picha imemmeza msemaji. Na ukijikuta unaongeza "kama" na maelezo ili aelewe, kitendo ulichochagua si sahihi, rudi kwenye orodha.

Mwana_wa_Kibo:
Nimekuelewa kuhusu Kibo. Ila "nisije kufa kijana" mngeitoa. Mishororo mitatu ya juu inasema kweli, huu wa mwisho unatia chumvi.

Baba_Wawili_Sakina:
Hapana, iacheni. Mtu anayesubiri husema hivyo hivyo. Ukiondoa kifo, ombi linakuwa la mtu aliyezoea.

Bi_Ghani:
Hapo mimi naelekea kwa Mwana wa Kibo, maana anayelala bila komeo ameshaonyesha hatari bila kuitaja. Lakini hoja ya Baba ina uzito ukighani mbele ya watu wazima, wanaotegemea mshororo wa mwisho upande juu. Mshororo, tunga nusu nyingine ya mizani 8 yenye kina cha na, ighani zote mbili kwa watu tofauti, na beti zile sita zilizobaki usiziguse mpaka hii imekaa. Na komeo lisirudi tena kwenye ubeti wowote.

Mshororo_Kiborloni:
Sawa Bi Ghani. Jumapili naighani Mbuyuni kwa namna zote mbili, nitaleta majibu hapa.