Nna hisa 100 nataka kuzikinga, puti peke yake au kola?

Mkoani_Pemba: Asalaam aleikum wadau. Nna hisa 100 za kampuni moja ya Marekani kwa broka wa nje, bei saa hizi dola 50. Mwezi ujao wanatoa ripoti ya mapato, kuuza sitaki ila zikiporomoka pesa ya kuezekea nyumba ndo imekwenda. Puti, yaani haki ya kuuza, ya straiki 45 ya miezi mitatu naiona dola 2, na koli, yaani haki ya mwengine kuzinunua kwangu, ya straiki 55 naweza kuiuza dola 1.50. Chini kabisa ntabaki na ngapi?

MtuWaDarajani: Waaleikum salaam. Kontrakti moja hisa 100, kwa hio puti itakutoa dola 200, na hurudishiwi hata bei isipotikisika. Hisa ikianguka mpaka 30 wewe una haki ya kuuza 45, toa zile 2, mkononi 43, yaani 4,300 kwa zote, hata ikifika sifuri ni hio hio. Juu hufungwi, ila kwa bei ya leo mpaka ivuke 52 ndo umerudisha gharama.
Ukiuza na koli, hio ndo kola, unapokea 150, kinga imekugharimu 50 tu na sakafu inapanda 44.50. Lakini ikienda 70 hisa unazitoa kwa 55, mkononi 54.50 basi, wakati mwenye puti peke yake ana 68.

Fuoni_boy: yakhe tafuta kola ya bure, puti na koli bei moja, hapo hupotezi hata senti

MtuWaDarajani: Primiamu, bei ya hizo puti na koli, ndo hupotezi. Kutoka 50 kushuka 45 ni hasara yako, dola 500 hizo.

Fuoni_boy: sawa, sasa si aweke stoplosi 45 tu, bure kabisa

MtuWaDarajani: Ripoti nyingi zinatoka soko limefungwa. Kesho yake likifunguliwa 38, stoplosi yako inauza hapo hapo 38 au karibu yake. Puti bado inakupa 45.

MamaWete: Mie nna za CRDB pale DSE, nazo nizifanyie hivi hivi?

MtuWaDarajani: Opsheni, yaani hizi puti na koli, DSE hakuna dada. Huko ni kupunguza idadi tu.

Kiungani: Mimi nauliza uhalali wake, kulipia haki tupu bila bidhaa wanazuoni wengi wanaikataa kwa gharari, yaani biashara ya jambo lisilo na uhakika.

Mkoani_Pemba: Hilo ntamuuliza sheikh kabla ya kubonyeza chochote. Darajani, nikiamua kola nichunge nini?

MtuWaDarajani: Gawio. Bei ikiwa juu ya 55 na siku ya gawio inakaribia, mwenye koli anaweza kuzichukua hisa mapema, gawio likamwendea yeye. Na usingoje wiki ya ripoti, primiamu za puti huwa zishapanda. Hio miezi mitatu ikipita sakafu haipo tena, ukitaka nyengine unalipa upya kwa bei ya siku hio.

Kiungani: Ukipata jibu la sheikh lilete hapa, hata wanaoruhusu nataka kujua wanashika hoja gani.