Nimepewa dakika saba kanisani nihamasishe uchangiaji damu. Nisemeje bila kuwaaibisha watakaorudishwa?

Katibu wa Vijana:
Wakuu, shikamooni. Niko usharika mmoja huku Kilimanjaro. Jumapili ijayo watu wa Damu Salama wanakuja, na mchungaji amenipa dakika saba wakati wa matangazo. Mwaka jana walikuja pia, mama wawili wa kwaya wakarudishwa pale mezani. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulishasema "wameonekana wana ngoma". Mmoja amehama usharika. Mwaka huu kinamama wamegoma. Nikisimama nikasoma orodha ya wasiofaa si nitachochea moto? Tumepanga zoezi lianze saa moja asubuhi kabla ya ibada, watu wakiwa wamefunga.

Mzee wa Chumbageni:
Achana na orodha, kijana. Waite wote. Damu yote inapimwa kabla mgonjwa hajawekewa, na mwenye wasiwasi anajijua hali yake bure. Hapa msikitini kwetu Tanga ndivyo tulivyojaza watu.

Maabara Mstaafu:
Mzee wangu, kupimwa ni kweli inapimwa: VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Lakini aliyeambukizwa majuzi kipimo kinaweza kisimwone, na damu yake ikapita. Kwa hiyo anayetaka kujua hali yake aende kituo cha ushauri nasaha, asije kujipimia kwenye chupa ya mgonjwa. Hilo, Katibu, liseme waziwazi.

Sasa uvumi wako. Vile vipimo vinafanyika maabara, baada ya damu kutolewa. Pale mezani wanaangalia uzito, presha na wingi wa damu, na wanakuuliza maswali. Anayerudishwa hajapimwa Ukimwi hata kidogo, kwa hiyo aliyewasema wale mama alisema asichokijua. Ukianza na hilo, dakika mbili zinatosha.

Alto wa Pili:
Mimi nilirudishwa, usharika mwingine. Walinitoboa kidole, tone wakalidondosha kwenye maji ya bluu, likaelea. Dada akanieleza kwamba tone lenye damu ya kutosha huzama. Nilikuwa natokwa hedhi nzito miezi mingi nikidhani uchovu ni wa shamba. Nikaenda hospitali, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, na safari iliyofuata tone likazama. Ila siku ile nilipita katikati ya watu wote nikiwa na mkono usio na plasta. Hicho ndicho kilichoniuma.

Dereva Boda:
Mimi swali langu ni jingine. Mzee wangu alipolazwa tuliambiwa tulete ndugu wachangie kwanza. Bure iko wapi? Halafu natumia dawa za presha, nije au nisije?

Maabara Mstaafu:
Boda, hilo la wodini fungua uzi wake, lina mengi. Dawa nenda nazo uwaonyeshe, wataamua wao baada ya kukupima. Usiziache siku hiyo ili "ufuzu".

Katibu, saa moja asubuhi na njaa, hapana. Wanachukua kama mililita 450. Mtu hajala, hajanywa maji, kisha anasimama kuimba saa mbili: utaokota watu sakafuni. Wekeni baada ya ibada, watu wapate chai na maji ya kutosha kwanza. Wanaofunga waje siku nyingine.

Vigezo vya kusema ni vichache: miaka 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, mwanaume awe amepitisha miezi mitatu tangu achangie, mwanamke minne. Mjamzito na anayenyonyesha wapumzike. Mwenye homa au aliye kwenye dozi asubiri apone. Mengine ni siri ya yule anayehojiwa na mhudumu, kwa hiyo meza ya maswali isikae karibu na foleni.

Katibu wa Vijana:
Asante sana. Nitaanza hivi: "Mwaka jana tuliwasingizia dada zetu. Pale mezani hakuna anayepimwa Ukimwi." Meza nitaipeleka darasa la Jumapili, lina mlango wa nyuma. Kuna moja limebaki: mchungaji anataka ibada ifuatayo tuwasimamishe waliochangia wapigiwe makofi.

Mzee wa Chumbageni:
Hapo namuunga mkono. Mtu akisifiwa, na mwenzake atakuja.

Alto wa Pili:
Na sisi tuliobaki tumekaa watatuhesabu. Mimi singekuja.

Maabara Mstaafu:
Mlete huyo mama aongee badala yako, kama atakubali.

Katibu wa Vijana:
Dada Alto, uko mbali na Moshi?

Alto wa Pili:
Nauli elfu tatu. Lakini makofi yafutwe kwanza.

Katibu wa Vijana:
Ngoja nimpigie mchungaji.