Tupeane uzoefu: simu imeibiwa, namba za akiba zimepotea, na timu inasubiri repo za GitHub

FundiNtinda
Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa waliowahi kufungiwa nje ya akaunti ya GitHub baada ya kupoteza simu yenye aplikesheni ya namba pamoja na zile namba za akiba. Vyote viwili kwa mpigo. Nahitaji hasa visa ambavyo akaunti ni ya mtu mmoja lakini kazi ni ya timu.

Naanza na chetu. Tuko wanne, tunatengeneza mfumo wa mikopo wa SACCO moja huko Mukono. Repo zote tatu ziko kwenye akaunti binafsi ya mwenzetu, sisi wengine tumealikwa tu. Jumatatu simu yake ilinyakuliwa dirishani mwa teksi, kwenye foleni ya Clock Tower. Faili la `github-recovery-codes.txt` lilikuwa humohumo. Usiku alipofungua laptopu, nenosiri lilikubali, kisha ukurasa ukadai namba sita ambazo hana pa kuzipata.

Kwa kumhofia mwizi alitaka ajitoe kila mahali na kusafisha brauza yote. Tulimzuia, na naomba yeyote mwenye shida hii azuiwe vilevile. Brauza ambayo GitHub imeizoea ni ushahidi, na ufunguo wa SSH uliomo kwenye laptopu ni ushahidi pia. Tulijaribu huu kwanza:

```
ssh -T git@github.com
```

Ikamjibu `Hi` na jina lake. Maana yake mlango wa wavuti umefungwa, lakini ufunguo unafanya kazi na misimbo inapanda kama kawaida.

Pale chini ya sehemu ya kuweka namba kuna kiungo cha kuanza kurejesha akaunti. Alitumiwa namba kwenye barua pepe yake, halafu akaambiwa athibitishe kwa njia nyingine: kifaa kinachojulikana, ufunguo wa SSH au tokeni binafsi. Akachagua ufunguo:

```
ssh -T git@github.com verify
```

Ikatoka tokeni ndefu, akaibandika kwenye ukurasa. Wakamwambia ombi litapitiwa ndani ya siku tatu za kazi. Sasa tunasubiri, na Ijumaa kuna mtu mpya anaanza kazi ambaye mwenye akaunti peke yake ndiye anaweza kumwalika. Mliopitia haya, timu mliiendeshaje?

Kijana_wa_Mbarara
Pole sana kaka. Mbona ni rahisi? Aende na kitambulisho cha taifa akarudishiwe laini yake. Mimi nilifanya hivyo, nikaweka laini kwenye simu ya kawaida ya vitufe na namba zikaja kwa ujumbe.

DadaArua
Kijana, wewe uliponea kwa sababu uliandikisha namba ya simu kama njia ya kupokea ujumbe. Aplikesheni haijui habari za laini. Siri yake hukaa ndani ya simu, au kwenye akaunti ya Google kama mtu aliwasha kuhifadhi huko, jambo ambalo Google Authenticator ililianza mwaka 2023. Fundi, muulize mwenzako hilo kwanza. Kama aliwasha, aingie Google kwenye simu nyingine na namba zitamfuata.

FundiNtinda
Tumeshaangalia dada, hakuwasha.

Opio_seva
Sioni dharura hapa. Git kila klone ina historia nzima. Fungueni repo mpya, mmoja wenu asukume, maisha yaendelee.

DadaArua
Ndugu Opio, kwa upande wa misimbo uko sahihi. Ila majadiliano ya hitilafu, maombi ya kuunganisha na maoni yake havimo ndani ya klone. Sisi tulifanya hivyohivyo kwenye mradi mmoja wa afya. Tulipata kila komiti, lakini maelezo ya kwa nini dozi zilikokotolewa vile yalibaki kule, na aliyeyaandika alishahama.

Fundi, kwenye hiyo laptopu kuna `gh`? Aandike `gh auth status` aone. Kama bado ameingia, ana tokeni hai, na tokeni hiyo haiulizi namba sita. Kwa kawaida `gh` hupewa ruhusa ya `repo`, inayotosha kuhamisha repo kwenda akaunti nyingine pamoja na majadiliano yake yote:

```
gh api -X POST repos/MWENYE/REPO/transfer \
  -f new_owner=MPOKEAJI
```

Mpokeaji hutumiwa barua pepe ya kukubali, nayo hudumu siku moja tu. Asipobofya, uhamisho unakufa. Kiungo cha zamani hupeleka watu kwenye kipya, kwa hiyo mashine zenu hazitakatika. Kinachobaki kukatika ni ile hali ya kumtegemea mtu mmoja: mpokeaji afungue shirika huko GitHub, azisogeze repo humo, na wamiliki wawe wawili. Mimi siku hizi sikubali mradi wa mteja ukae kwenye akaunti ya mtu.

Na kabla ya yote muulizeni mwenye mali akubali. Laptopu ni yake na tokeni ni yake.

Nakato_Kikoni
Mimi yangu ilikwama hapo kwenye SSH. Laptopu iliharibika, nikatumia ufunguo uliokuwa kwenye seva ya mteja. Unafanya kazi, unavuta misimbo kila siku, lakini haukukubalika kuwa ni wangu.

DadaArua
Ulikujibu `Hi` na nini?

Nakato_Kikoni
Jina langu, mkwaju, kisha jina la repo.

DadaArua
Basi ule ni ufunguo wa repo, haukuandikishwa kwenye akaunti yako. Wa akaunti hujibu kwa jina la mtumiaji peke yake. Na hata ufunguo wa kweli usipotumika mwaka mzima GitHub huufuta, kwa hiyo ule wa laptopu iliyolala kabatini usiutegemee. Una brauza yoyote uliyowahi kuingilia? Hata ya ofisini?

Nakato_Kikoni
Ilikuwa kompyuta ya maabara ya chuo, nao husafisha kila wiki. Akaunti ile niliiacha. Niliomba barua pepe yangu itenganishwe nayo, nikaitumia kufungulia akaunti mpya. Repo zangu za wazi bado naziona kama mgeni, za faragha sijazigusa tena.

Opio_seva
Pole Nakato, hilo linauma. Mimi ningeshauri watu wawili wa timu wachanganue ule mraba wa QR siku ya kuandikisha aplikesheni, namba zikae kwenye simu mbili.

DadaArua
Hapo sikubaliani. Akaunti ni ya mtu, na ukifanya hivyo hutajua nani aliingia. Ufunguo wa pili wa mwenyewe, wa USB, afadhali.

Opio_seva
Na asiye na hela ya huo wa USB? Timu nyingi hapa Kampala hazina.

DadaArua
Basi achapishe namba za akiba kwenye karatasi, iwekwe kwenye bahasha ofisini. Lakini simu mbili, hapana.

FundiNtinda
Mrejesho. `gh` ilikuwepo na mwenye akaunti alikubali kwa moyo mweupe. Repo mbili nilizipokea mimi, zikafika na majadiliano yake yote. Ya tatu tulimtumia mwenzetu aliyekuwa kazini Karamoja bila mtandao, siku ikapita, tukaanza upya na kunitumia mimi. Mtu mpya ameshaalikwa. Ombi la akaunti bado halijajibiwa, tuko siku ya pili.

Mzee_Jinja
Naomba kuuliza. Barua pepe niliyoandikishia ni ya kampuni iliyofungwa, na jina lao la mtandao limeshanunuliwa na watu wengine. Ufunguo wa SSH ninao na unanijibu kwa jina langu. Nitaanzia wapi?

DadaArua
Shikamoo mzee. Je, uliwahi kuongeza barua pepe ya pili na kuithibitisha? Hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Kama ni hiyo moja tu, usiitumie kwanza ile fomu ya kurejesha akaunti, namba itaenda kwa wageni. Vuta repo zako zote leo kwa huo ufunguo wakati bado unakubali, kisha tuone kama kuna aliyewahi kupita njia yako.